Kinachoua mbele ya jukwaa si kurukaruka

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Fedha za korosho zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, wasanii wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa njia ya Masasi. Uwanja unazungushiwa mabati, jukwaa linafungwa, jenereta inawashwa, na kufika saa nne usiku watu wa mjini, wa Newala na wa vijiji vya njiani wameshaujaza.

Mbele ya jukwaa vijana kadhaa wanageuka, wanawasukuma wenzao nyuma kwa viganja, na duara tupu linafunguka katikati ya watu. Wimbo unapofika pale ngoma zinapokita kwa kishindo, wanaingia mbio kutoka pande zote na kugongana mabega. Mmoja anaanguka. Mwingine ameshanyanyuliwa na anapelekwa juu ya vichwa kuelekea kwenye spika.

"Wanapigana hao?" mzee mmoja aliyesimama karibu na muuza mishikaki anamuuliza kijana wa pembeni yake.

"Hapana babu, wanacheza."

Mzee hakuridhika, na hayuko peke yake. Kila mchezo huu unapoingia mahali papya, maswali ni yale yale: upigwe marufuku au uachwe? Na kama utaachwa, nani atahakikisha kila mtoto wa mtu anarudi nyumbani?

Vijana huliita duara hilo moshpiti, au piti kwa kifupi. Asili yake si bongo fleva wala singeli. Lilianza kwenye maonesho ya muziki wa panki kusini mwa California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, likachukuliwa na mashabiki wa hevi metali katika miaka ya 1980, kisha likahamia kwenye rap. Huku kwetu limeingia kwa njia ya simu: kijana anaona video ya sekunde 20, anajifunza kurukaruka. Sehemu iliyobaki haionekani kwenye video.

Walikotangulia

Kwa Afrika Mashariki, watu waliokaa na mchezo huu kwa muda mrefu ni mashabiki wa roki na metali wa Nairobi. Bendi kama Last Year's Tragedy na Seeds of Datura ziliwakusanya kwenye kumbi ndogo na baa, ikiwemo Choices ya barabara ya Baricho. Wawili kutoka katika kundi hilo la wanamuziki waliunda Duma, ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusikika hadi Ulaya.

Udogo wa maonesho hayo ndio uliojenga adabu. Ukumbi ukiwa na watu mia mbili tatu, na wengi wao ni wale wale wa mwezi uliopita, anayepiga watu viwiko anajulikana kwa sura. Hafukuzwi na polisi. Anashikwa bega na mtu aliyemzidi umri kwenye muziki huo, anaambiwa neno moja sikioni, na akirudia anatolewa. Mgeni naye hapewi karatasi ya masharti. Anaona wenzake wanavyofanya, naye anafanya.

Kanuni zenyewe ni zile zile Nairobi, Gaborone na London, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza, ambayo haina mjadala, ni kwamba aliyeanguka anainuliwa papo hapo. Namna ya kumwinua ina utaratibu. Wawili walio karibu naye wanasimama wakiwapa mgongo wanaokuja na kutanua mikono ili kuwazuia. Wa tatu anainama, anamshika chini ya makwapa na kumsimamisha. Wasiozoea huinama wote kwa pamoja, na hapo anayefuata kwa kasi anawakwaa, na badala ya mmoja wanalala wanne.

Ya pili inawahusu wanaosimama kwenye ukingo wa duara. Hao ndio ukuta. Wanakaa na viganja wazi mbele ya kifua, mguu mmoja nyuma, na kila anayerushwa kwao wanamrudisha ndani taratibu. Nyuma yao wapo watu waliokuja kusikiliza tu, pengine dada aliyevaa viatu vya wazi au mtu aliyekuja na mdogo wake, na hao hawatakiwi kuguswa. Kumvuta ndani ya piti mtu ambaye hakuomba ni kosa kubwa kuliko kumgonga aliyemo.

Ndani ya duara husukumwa kwa bega na kiganja. Ngumi, teke na kiwiko kilichonyanyuliwa juu havina nafasi. Kiatu kikichomoka, simu au miwani ikidondoka, aliyekiona anakiinua juu ya kichwa na kusimama nacho hadi mwenyewe aje. Kamba ya kiatu ikifunguka, watatu wanamzunguka mwenye kiatu mpaka amalize kufunga.

Kuhusu wanawake, adabu ilichelewa, na si haki kuificha aibu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kathleen Hanna wa bendi ya Bikini Kill alikuwa akiwataka wanaume warudi nyuma ili wasichana wasimame mbele ya jukwaa, kwa kuwa wengi walikuwa wanashikwashikwa gizani kwa kisingizio cha msongamano. Siku hizi, kwa watu wa roki wanaojiheshimu, mkono wa namna hiyo unamtoa mtu nje mara moja, bila onyo la kwanza.

Anayebebwa juu

Kubebwa juu ya vichwa kuna hesabu yake. Anayetaka kupanda anamgusa bega aliye mbele yake na kuomba. Wawili wanafumbata viganja na kumnyanyua kama mtu anayepandishwa kwenye roli. Akifika juu analala chali, miguu pamoja, mikono karibu na mwili. Kabla ya hapo ameshavua mkanda wenye vyuma na kutoa funguo mfukoni. Anayepiga miguu hewani anamvunja mtu pua.

Wanaombeba wanampitisha kuelekea mbele tu, kamwe si nyuma. Nyuma watu ni wachache na wanatazama jukwaa, hawajui kuna mtu anakuja juu yao. Mikono inakosekana ghafla naye anatangulia kichwa chini. Mbele kunatakiwa kuwe na mfereji, yaani nafasi kati ya kizuizi na jukwaa, ambamo walinzi wanasimama wakiwatazama watu na si mwanamuziki. Wanampokea kwa makwapa, wanamsimamisha, wanamtoa kwa pembeni.

Kwenye maonesho yetu mengi mfereji huo haupo. Safari ya juu ya vichwa inaishia kwenye kona ya jukwaa au kwenye spika, na hakuna wa kupokea. Mahali kama hapo, mzoefu wa Nairobi hapandi.

> Adabu ya piti inafanya kazi pale tu ambapo mtu bado ana nafasi ya kuinama na kumwinua mwenzake.

Gesi na maji

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha kwenye jarida la fizikia uchunguzi wa video za maonesho ya hevi metali. Walipopima kasi za watu ndani ya piti, waligundua kwamba zinagawanyika kama kasi za chembe za gesi ndani ya chombo: kila mmoja anakwenda upande wake, anagonga, anabadili mwelekeo. Pale watu wanapokimbia pamoja kwa kuzunguka, kwenye video walizozitazama karibu asilimia 95 walizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Sababu yake haikuelezwa kwa uhakika.

Gesi, ili iwe gesi, inahitaji nafasi. Hapo ndipo penye siri ya usalama, na ndipo wanaopinga na wanaotetea piti wanapopishana bila kuonana.

Chora ardhini mraba wa mita moja kwa mita moja. Watu wawili ndani yake wanacheza watakavyo. Wanne wanagusana lakini kila mmoja anageuka. Wakifika watano au sita, mikono haishuki wala haipandi. Wakifika saba, kwa mujibu wa John Fruin, mhandisi wa Marekani aliyeandika sana juu ya maafa ya misongamano, kundi linaacha kuwa watu mmoja mmoja na kuwa kitu kimoja kama maji. Msukumo ulioanzia nyuma unapita kama wimbi, unawainua watu hadi miguu inaachana na ardhi, unawapeleka mita tatu au zaidi wasikotaka kwenda.

Wanaokufa hapo kwa kawaida hawakanyagwi. Wanakufa kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa wamesimama. Mtu anatoa pumzi, mbavu zinashuka, na shinikizo la pande zote linazuia zisitanuke tena ili aivute nyingine. Baada ya maafa ya aina hii reli za chuma zimewahi kukutwa zimepinda, na waliozipinda si majitu. Ni uzito wa mamia ya watu ambao kila mmoja amesukuma kidogo, wengi wao wakiwa hawajui mbele kuna nini.

Mtu aliyekulia Newala anaweza kuielewa tofauti hiyo kwa kukumbuka ngoma ya midimu. Kinyago kinatimka kuelekea kwa watazamaji, wanawake na watoto wanakimbia wakipiga kelele, kisha wote wanarudi kukaza duara. Fujo ile ina usalama kwa sababu nyuma ya watu kuna uwanda mtupu. Zungushia ngoma hiyo hiyo mabati, weka geti moja, ingiza watu elfu mbili, na itakuwa kitu kingine kabisa.

Usiku wa Roskilde

Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark, bendi ya Pearl Jam ilikuwa ikipiga mbele ya watu wapatao 50,000. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa tope. Karibu na jukwaa msongamano ulikuwa umeshapita kiwango cha kucheza. Watu walikuwa wanasukumwa huku na huko kwa mawimbi, na juu yao wengine waliendelea kubebwa vichwani.

Katika wimbi mojawapo baadhi waliteleza. Shimo likafunguka chini ya miguu, na kwa kuwa kila mtu alikuwa ameegemea mwenzake, waliokuwa pembeni mwa shimo wakaporomokea ndani yake, na wa nyuma yao wakafuata. Kwenye roki, hapo ndipo watu wanapoinama na kuinua. Walijaribu. Lakini mtu aliyebanwa mbavu hawezi kuinama, na mayowe ya mita tano kutoka jukwaani hayasikiki kwa sauti ya spika.

Walinzi wa mbele walichelewa kutambua, na taarifa ikachelewa kumfikia anayeimba. Ilipomfikia, Eddie Vedder alisimamisha muziki na kuwaomba watu, wakihesabu pamoja, warudi nyuma hatua tatu. Walirudi. Nafasi ilipopatikana ndipo waliolala wakaonekana. Vijana tisa walikufa, wanane usiku huo na mmoja siku chache baadaye, wote wanaume, wa umri wa miaka 17 hadi 26.

Hatua zile tatu zinaonesha kwamba maelfu ya watu wanaweza kusogea wakiambiwa na sauti wanayoitii, na kwamba usiku ule sauti hiyo ilichelewa. Mashabiki wa Roskilde hawakuwa wageni wa muziki huo, adabu waliijua. Iliwashinda kwa sababu msongamano ulikuwa umeshaiondolea miguu.

Baada ya hapo tamasha lilipiga marufuku kubebwa juu ya vichwa, lakini badiliko lililo na uzito zaidi ni la kugawanya eneo la mbele kwa vizuizi na kuingiza humo idadi inayojulikana. Wimbi linalotoka nyuma linakutana na chuma kabla halijafika kwa watu wa mbele.

Wanaotaka marufuku

Upande huo una hoja, na si wote ni wazee. Mwaka 1996 mjini Dublin msichana wa miaka 17 alikufa baada ya kubanwa mbele ya jukwaa la The Smashing Pumpkins, bendi ambayo usiku huo huo ilikuwa imewaonya mashabiki. Tangu hapo bendi hiyo ilisimama waziwazi dhidi ya piti. Fugazi ya Washington ilikwenda na njia yake: Ian MacKaye alikuwa anakatiza wimbo, anamwita aliyewaumiza wenzake, na mkaidi anarudishiwa pesa ya kiingilio na kuoneshwa mlango.

Kwa Tanzania, hofu ya mamlaka haikutoka hewani. Sikukuu ya Idi mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwenye disko lililojaza ukumbi kupita kiasi. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021 watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli.

Itazame orodha hiyo tena. Hakuna piti hata moja ndani yake. Kulikuwa na watoto kwenye sikukuu, waumini na waombolezaji, watu ambao hakuna aliyekwenda kugongana na mtu. Ndiyo maana kupiga marufuku kurukaruka, kisha kuacha geti moja, ni kumfunga bandeji mguuni aliyeumia kichwa.

> Moshi, Tabora na Uhuru hapakuwa na piti. Palikuwa na watu wengi kuliko nafasi.

Wanaotetea piti nao wana la kujibu. Novemba 5, 2021, Houston, Marekani, watu 10 walikufa kwenye tamasha la Astroworld la mwanarap Travis Scott, mdogo wao akiwa na miaka tisa. Waliomiminika kutoka jukwaa jingine waliongeza msongamano kwenye maeneo yaliyozungukwa na vizuizi. Mbwembwe za roki zilikuwa zimehamia kwenye rap kwa umati wa watu 50,000, na anayedhani kanuni za ukumbi wa watu mia mbili zitajitegemea katika umati huo anajidanganya. Katika umati mkubwa mkorofi hajulikani kwa sura, na mzoefu wa kumshika bega yuko umbali wa watu elfu.

Hesabu ya uwanja mmoja

Tuchukue uwanja wa mfano wa Masasi, wenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Eneo lote ni mita za mraba 600. Jukwaa, spika, jenereta, meza za vinywaji na vyoo vinakula 150. Zimebaki 450. Kwa watu wawili kila mita, uwanja huo unabeba 900.

Mwandaaji akiuza tiketi 1,500, wastani unakuwa zaidi kidogo ya watu watatu kwa mita. Kwenye karatasi bado si hatari. Tatizo ni kwamba watu hawajipangi kwa wastani. Msanii mkubwa akipanda, 900 kati yao wakasogea kwenye mita nane za mbele, eneo hilo ni mita 160, na hapo wameshakaribia sita kwa kila mita. Duara likifunguliwa wakati huo, nafasi yake inachukuliwa kutoka kwa waliolizunguka, nao ndio wanaovuka mpaka. Mzoefu anaitambua hali hiyo: akisukuma watu nyuma ili kufungua duara na duara likajifunga lenyewe, anaacha. Dalili nyingine ni vichwa. Vinapoyumba pamoja kama majani ya mpunga bila yeyote kucheza, muziki unatakiwa usimame.

Kizuizi nacho kina ufundi. Kile kinachofaa mbele ya jukwaa kina bamba la chini ambalo watazamaji wenyewe wanalikanyaga, hivyo kadiri wanavyojaa ndivyo uzito wao unavyokishikilia kisipinduke. Milunda iliyofungwa kwa waya inafanya kinyume: inaonekana imara mpaka wimbi la kwanza, kisha inalala na waliokuwa wameiegemea wanalala nayo.

Kisha geti. Vipimo vinavyotumika Uingereza kwa viwanja vya michezo vinahesabu kwamba, mahali pa tambarare, kila mita moja ya upana wa njia inatoa watu wasiozidi 82 kwa dakika. Geti la mita moja litahitaji zaidi ya dakika 18 kuwatoa 1,500. Mageti mawili ya mita mbili mbili, yanayofungukia nje na yaliyo pande tofauti, yatawatoa chini ya dakika tano. Mabati ni yale yale. Kinachobadilika ni mahali yanapokatwa, na walinzi wawili zaidi wa kulipwa.

Kinachobaki ni tiketi 600 zilizozidi zile 900. Kwa kiingilio cha Sh5,000 hizo ni Sh3 milioni, na ndizo zinazofanya mwandaaji asikie kwa haraka habari ya vijana wanaogongana kuliko habari ya idadi. Anayezitaka bila kuwabananisha watu anaweza kuandaa onesho la pili Jumapili mchana, amlipe msanii siku ya ziada na kununua mafuta mengine ya jenereta. Hapo faida itapungua, pengine kwa nusu.